Maneno elfu kumi na mbili, ukurasa mmoja

Kikao cha mtandaoni cha dakika 90 kikiandikwa neno kwa neno hufikia maneno 12,000 hivi. Ukurasa mmoja unaosomeka bila kukaza macho hubeba kama 400. Kwa hesabu hiyo, katika kila maneno 30 yaliyosemwa hubaki moja, na mkurugenzi atatia saini kwa kulitegemea hilo moja. Nimebahatika kumtazama kwa karibu katibu wa bodi wa chama kimoja cha akiba na mikopo huko Mombasa akiifanya kazi hii. Tangu hapo siioni tena kuwa kazi ya kukata maneno. Maneno hukatwa mwishoni kabisa, na huo ndio upande mwepesi.

Webina aliyokuwa akiifupisha ilihusu Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019. Walizungumza mawakili wawili, halafu wasikilizaji wakauliza maswali. Kabla ya kufungua faili la maandishi, katibu alichukua karatasi akaandika majina ya vyeo vitatu: meneja mkuu, mkuu wa fedha, mwenyekiti wa bodi. Chini ya kila cheo aliandika jambo ambalo mwenye cheo hicho anaweza kuliamua: mkataba upi atatia saini, fedha zipi ataidhinisha, ajenda ipi ataipeleka mbele ya bodi. Karatasi hiyo ilikaa kando yake mchana kutwa. Maelezo ambayo hayakugusa uamuzi wowote kati ya hayo, hata yangekuwa matamu vipi, yalijua mapema kwamba hayana nafasi.

Kisha akasoma maandishi yote kutoka mwanzo hadi mwisho bila kufuta hata neno. Pembeni aliweka alama za aina tatu tu: hapa ni sheria, hapa ni maoni ya mzungumzaji, hapa pana muda wa mwisho. Utengano huo wa mwanzo una uzito mkubwa, kwa sababu mtu akizungumza huvichanganya vyote katika pumzi moja, na maandishi ya mashine huviweka sawasawa, vyote vikionekana kama ukweli wa aina moja.

Mashine ina kasoro nyingine ambayo katibu anaiwinda kwa sikio. Kiswahili mara nyingi huweka ukanushi mwanzoni mwa kitenzi, na silabi hiyo ndiyo humezwa mtandao unapokatika. Wakili alisema "haitawahusu", maandishi yakatoka "itawahusu". Sentensi ilisomeka vizuri kabisa, na hapo ndipo ilipo hatari. Kilichomshtua katibu ni kwamba sentensi iliyofuata haikukubaliana nayo. Alirudi kwenye rekodi, dakika ileile, akasikiliza mara mbili, akarekebisha. Kila mahali palipo na kanusho, tarakimu au tarehe, yeye hayaamini maandishi mpaka sauti iyathibitishe.

Jambo zito kuliko yote lilikuwa limejificha dakika ya 81, katika jibu la swali la msikilizaji mmoja. Lilitoka hivi: "Eh, kama nilivyosema, wengi wanadhani mkandarasi wa mfumo akivamiwa ni shida yake, lakini sheria haioni hivyo, yaani data ni za wanachama wako, yeye atakuarifu, inapowezekana, ndani ya saa 48, halafu wewe sasa, ukishajua, una saa 72 za kumwarifu Kamishna, kama kuna hatari ya kweli kwa hao watu, na mikataba mingi ninayoiona mimi haina hata mstari mmoja wa hili."

Katika muhtasari lilipanda hadi juu kabisa ya ukurasa:

"Mkandarasi wa mfumo akivamiwa, jukumu la kumwarifu Kamishna wa Data ni letu: ndani ya saa 72 tangu tujue, palipo na hatari halisi ya madhara kwa wanachama. Mkandarasi anatakiwa kutuarifu ndani ya saa 48, inapowezekana. Tumeangalia mkataba wetu: hauna kipengele hiki. Tunaomba idhini ya kukiongeza."

Hebu tazama kilichoachwa na kilichobaki. Vigugumizi vimekwenda, na marudio pia. Lakini "palipo na hatari halisi ya madhara" na "inapowezekana" vimebaki, ingawa mhariri mwenye haraka angeviona kuwa mapambo. Ukiviondoa, unakuwa umeandika sheria nyingine, kali kuliko ile iliyotungwa na Bunge. Maneno ya wakili kuhusu "mikataba mingi ninayoiona mimi" hayakugeuzwa kuwa takwimu ya vyama vyote vya Kenya. Yalimtuma katibu kwenye kabati la mafaili kuusoma mkataba wa chama chake mwenyewe. Na neno "tumeangalia" linamjulisha msomaji kwamba habari hiyo haikutoka kwenye webina.

Palikuwa na mtego mmoja zaidi. Akieleza adhabu, mzungumzaji alisema ni hadi shilingi milioni 5 au asilimia 1 ya mapato ya mwaka uliotangulia, "iliyo kubwa kati ya hizo". Katibu alisita. Sheria ya Ulaya ya ulinzi wa data hutumia kipimo cha iliyo kubwa, na mtu anayezifanyia kazi sheria zote mbili huweza kuteleza. Akafungua kifungu cha 63 cha sheria ya Kenya: ni iliyo ndogo. Kwa taasisi yenye mapato ya shilingi milioni 300, asilimia 1 ni milioni 3, basi kikomo cha adhabu hiyo ni milioni 3. Kwa maneno ya mzungumzaji, kingekuwa milioni 5. Mkuu wa fedha angetenga fedha kwa kosa la ulimi. Katibu aliandika kikomo sahihi, na chini ya ukurasa akaweka mstari mmoja unaosema mzungumzaji alitamka vingine na kifungu kinasema nini. Hakusahihisha kimyakimya, kwani mwenyekiti naye alikuwa amesikiliza nusu ya kikao na angeweza kukumbuka kinyume.

Mawakili hao walitofautiana kuhusu muda ambao fomu za wanachama waliojitoa zihifadhiwe. Kishawishi cha ukurasa mmoja ni kuchagua mshindi ili mstari utoke safi. Yeye aliandika: "Hapa wazungumzaji hawakukubaliana; tuombe ushauri wa wakili wetu kabla ya kuharibu fomu." Kujua kwamba jambo bado halijaamuliwa nako ni habari ambayo mkurugenzi anaihitaji.

Mwisho kila sentensi ilipewa dakika yake ya rekodi pembeni, kwa tarakimu ndogo. Sentensi isiyokuwa na dakika wala kifungu wala faili nyuma yake ilifutwa. Kisha mwenzake ambaye hakuhudhuria kikao akapewa ukurasa huo. Akausoma, akaugeuza kifudifudi, akaulizwa: tunaombwa kuamua nini? Alijibu sawasawa kuhusu mkataba, lakini akadhani saa 72 ni za mkandarasi. Sentensi ikarudi mezani ikapangwa upya, jukumu letu likatangulia, la mkandarasi likafuata. Ndivyo ilivyopata umbo nililolinukuu hapo juu.

Muhtasari huo ulijaza ukurasa. Si kila kikao hustahili hivyo. Nimewahi kuona mwingine kutoka kwake wenye mistari minne: hakuna la kuamua, sheria haijabadilika, kikao kijacho kitajadili kanuni, rekodi iko kwenye faili la bodi. Sehemu iliyobaki ya karatasi ilikuwa tupu, na hakutafuta maneno ya kuijaza. Kwake ukurasa mmoja ni kikomo tu, na wakuu wake wamejifunza kwamba karatasi yake ikija imejaa, lipo jambo la kuamua.