Miguu Minne ya Fundo

Kushona wavu ulioraruka huanza kwa kisu. Anayeiona kazi hiyo kwa mara ya kwanza hushangaa, kwa sababu tobo linalotakiwa kuzibwa huwa kwanza linapanuliwa, wakati mwingine hadi zaidi ya mara mbili ya lilivyokuwa. Mzee aliyezeeka katika uvuvi hufanya hivyo bila kufikiri. Mjukuu wake humtazama na kudhani kwamba macho ya babu yamefifia.

Mfano wa karibu unapatikana mahali ambapo wengi hawautarajii. Siongiroi, katika Chepalungu, kaunti ya Bomet, ni nchi ya mahindi na ng'ombe wa maziwa, na ukipanda kuelekea Kericho unaingia kwenye chai. Lakini mwaka 2009 serikali ya Kenya ilianzisha mpango wa kuchimba mabwawa ya samaki katika maeneobunge 140, kila bwawa likiwa la mita 300 za mraba, na ufugaji wa ngege ukaenea kwenye vilima ambako zamani samaki walifika wakiwa wamekaushwa. Bwawa la mita 15 kwa 20 huvuliwa kwa wavu wa kukokota wenye urefu wa mita 22 hivi, ili ujipinde na kuuzunguka upana wote. Wavu kama huo, ukining'inizwa ghalani bado unanuka samaki, huliwa na panya. Basi tuchukue mzee aliyevua miaka mingi kwenye Ghuba ya Winam, akarudi nyumbani kupumzika, na sasa ana wavu wenye tobo, na mjukuu wa miaka kumi na mbili aliyekaa mbele yake juu ya kigoda.

Jambo la kwanza analofundishwa kijana ni kusoma tobo. Panya hukata uzi kwa meno, kwa hiyo ncha zake ni fupi na butu, na mafundo ya jirani yamebaki mahali pake. Kisiki kilichozama huvuta kabla ya kukata: ncha zinakuwa ndefu, zimechanika kama mkia wa punda, na mafundo ya safu mbili tatu za pembeni yameteleza. Tobo la panya hushonwa pale lilipo. La kisiki linadai mafundo yote ya ukingoni yavutwe kwa vidole, na lililolegea likatwe hata kama uzi wake ni mzima.

Kisha uzi. Duka la nyavu si rahisi kulipata Siongiroi. Uzi wa kweli hutoka Kisumu au Homa Bay, ukiwa na alama kama 210D/9 kwenye karatasi ya donge lake. Namba ya kwanza ni uzito kwa gramu wa mita 9000 za uzi mmoja mwembamba, na ya mwisho ni idadi ya nyuzi za aina hiyo zilizosokotwa pamoja. Mzee hahitaji kujua hesabu hiyo, ila anajua kwamba ya tisa ni nene kuliko ya sita, na kwamba uzi wa kushonea lazima uwe sawa na wa wavu wenyewe. Kijana hupenda mnene, akiamini utadumu. Kweli utadumu, na hapo ndipo ubaya ulipo: kiraka cha uzi mnene hakinyumbuki na wenzake, na wavu ukivutwa mzigo wote huangukia macho membamba yanayopakana nacho. Tobo la pili hutokea pembeni mwa kiraka.

Uzi wa dukani unaweza pia kuwa wa kitu kingine kabisa. Nailoni huzama majini, lakini uzi wa plastiki kama ule wa kushonea magunia, au kamba ya manila iliyochambuliwa, huelea. Kipande cha kidole kimoja kikiloweshwa, kikaminywa mapovu yatoke, na kuachiwa katika karai, hutoa jibu mara moja. Moto pia hutoa jibu: nailoni huyeyuka ikaacha shanga ngumu ya rangi ya kahawia, na uzi wa plastiki hunuka kama mshumaa uliozimwa. Uzi unaoelea hauharibu samaki, lakini haurefuki kama nailoni, na kwenye wavu wa nailoni hubaki mkavu na mbishi kama mgeni asiyejua lugha.

Sasa kisu. Fundo zima la wavu lina miguu minne, yaani nyuzi nne zinazotoka humo kwenda kwenye mafundo mengine manne. Ukingoni mwa tobo miguu imekatika ovyo: fundo hili lina mitatu, lile miwili, jingine mmoja tu. Babu hukata fundo lenye mguu mmoja bila huruma, na kukata huko humpunguzia mguu jirani yake, ambaye naye huangaliwa upya.

"Kugo, tobo si linazidi?" kijana huuliza.

"Acha lizidi. Hesabu miguu."

Na hesabu yenyewe ndiyo siri nzima ya kazi. Uzi wa kushonea ukipita katika fundo, unaingia na kutoka, yaani unaliongezea miguu miwili. Kwa hiyo fundo lolote utakalopitia njiani lazima liwe limebaki na miwili, ipate kutimia minne. Mahali pa kuanzia ni tofauti, kwani uzi unaofungwa mwanzo hutoa mguu mmoja tu; pale panatakiwa fundo la miguu mitatu. Mahali pa kumalizia ni vivyo hivyo. Ukingo uliokatwa vizuri basi una mafundo mawili tu ya miguu mitatu, moja juu na jingine chini, na mengine yote yana miwili. Ukibaki na la tatu lenye mitatu, utafika mwisho wa kazi ukiwa na jicho moja lisilozibika ila kwa kufunga uzi mwingine. Wapo wanaoziba hivyo, kwa fundo la juu kwa juu. Wavu unabeba, ila unakunjamana pale, na samaki mkubwa akigonga ndipo panapopasuka.

Tobo la panya likisafishwa hivyo, lililokuwa la macho manne huwa la tisa au kumi. Kijana akihesabu na kuona kwamba ni kweli, miguu mitatu juu, mitatu chini, miwili kila mahali, huacha kubisha.

Fundo lenyewe ni la zamani na lipo kila pwani ya dunia. Sindano bapa ya nyavu, ya plastiki au ya mti, hupitishwa kutoka chini ndani ya jicho la juu, uzi ukavutwa hadi jicho jipya lilingane na kijiti cha kipimo. Kidole gumba na cha shahada hubana hapo hapo, juu kabisa ya pindo. Uzi hurushwa kushoto ukafanya duara, sindano ikapita nyuma ya nyuzi zote mbili za jicho na kutokea katikati ya duara hilo, kisha huvutwa kwa nguvu kuelekea chini. Kosa la mwanafunzi ni kubana chini mno. Fundo huteleza likakaa chini ya pindo la jicho la juu, likijizunguka lenyewe badala ya kulishika, na kwa macho linaonekana sawa na mengine. Njia ya kulijua ni kuvuta miguu yake miwili ya chini kuelekea pande mbili: fundo zuri hukaza, baya hukimbia. Kwa kuwa nailoni ina utelezi, wazee wengi huzungusha uzi mara mbili, hasa kwenye safu ya mwisho.

Kijiti cha kipimo hukatwa kwa mwanzi, na upana wake ni nusu ya jicho. Wavu wa bwawa wenye macho ya inchi moja na nusu yakinyooshwa huhitaji kijiti cha sentimita 1.9. Mzee aliyetoka ziwani ana sababu ya kuwa mkali hapa. Uchunguzi wa Michael Graham katika Ziwa Viktoria, uliofanywa mwaka 1927 na 1928, ulipendekeza macho ya nyavu za kutega yasipungue inchi tano ili ngege wapate kukua, na mvuvi wa ziwa amezoea kupimwa na maafisa kwa macho ya wavu wake. Katika bwawa hakuna afisa. Lakini jicho moja kubwa katikati ya kiraka ni mlango, na ngege huutafuta mlango.

Tobo lililofika kwenye kamba ya juu linaleta suala la maboya. Dukani yapo ya plastiki yenye tundu katikati. Kijijini hukatwa patipati kuukuu, kipande cha sentimita 7 kwa 5. Upimaji wake ni wa ndoo. Risasi moja ya gramu 50 majini huwa na uzito wa gramu 46 hivi, kwa kuwa maji nayo yanaibeba kidogo. Kipande cha patipati chenye unene wa sentimita mbili hubeba risasi moja kikaonekana mgongo, na ya pili ikifungwa kinazama. Basi kila risasi ya kamba ya chini hupewa boya lake juu, na kila mita huongezewa jingine moja, kwa sababu wavu ukikokotwa katikati yake huvutwa chini na ngege huruka juu ya kamba kama mbuzi. Kupunguza risasi ili maboya yatoshe ni dawa mbaya: kamba ya chini hunyanyuka kwenye tope na samaki hupita uvunguni.

Chupa ya soda ni boya zuri siku ya kwanza. Jua huipasua shingoni, maji huingia polepole, na haizami kwa ghafla ili uione. Inakuwa nzito tu. Mzee huzitikisa zote sikioni kabla ya kila mvuo.

Wavu ulioshonwa huloweshwa usiku mmoja, kisha hutandazwa kivulini, kwa kuwa jua hulegeza nailoni, na uzi mwembamba ndio huumia kwanza. Asubuhi kijana hupitisha kidole katika kila fundo la kiraka akivuta miguu miwili miwili. Katika kazi ya kwanza ya mtoto hupatikana moja linalokimbia, mara nyingi katika safu ya katikati, pale mkono ulipochoka. Babu humpa kisu. Fundo hilo likikatwa, majirani zake hupungukiwa miguu, na kijana huanza kuhesabu tena, akitafuta la mitatu.