Kwanza, Kisha, Mwisho

Maelekezo ya kumtengenezea mtoto anayeharisha maji ya chumvi na sukari ni mafupi mno, na hapo ndipo ufundi wa kuyaandika unapoonekana. Pakiti ya ORS ikipatikana, ndiyo ya kutumiwa. Isipopatikana, kipimo cha nyumbani ni lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Karibu kila anayeombwa kuyaandika huyapanga kwa namba, kila namba na mstari wake, na kwenye bango la zahanati yanapendeza.

Yatoe sasa kwenye bango. Mtu anayanakili kwenye simu, mistari inaungana, na dada wa mama mtoto anapokea hivi:

```
1. Maji lita 1 2. 6 vijiko vya sukari 3. 1/2 kijiko cha chumvi
```

Soma kama asomavyo mtu mwenye haraka na mtoto mgongoni. Lita 1, au 12? Sukari vijiko 6, au 2.6? Penye chumvi ndipo pa kutisha: namba ya hatua imegusana na kipimo, na jicho linaona tatu na nusu. Hiyo ni chumvi mara saba ya inayotakiwa. Chumvi ikizidi kiasi hicho, mwili wa mtoto aliyekwisha kupungukiwa maji unazidi kuumia, na mtoto anaweza kupata degedege. Wakati mwingine kosa huwa la upande wa pili: namba zinazowekwa na programu yenyewe si sehemu ya maandishi, kwa hiyo ukinakili, maneno yanakuja na namba zinabaki zilikotoka.

Sasa tazama mtu anayejua kazi anavyoyaandika yaleyale:

"Kwanza pima lita moja ya maji safi yaliyochemshwa na kupoa. Kisha tia vijiko sita vya chai vya sukari, vilivyosawazishwa. Halafu tia nusu kijiko cha chai cha chumvi. Koroga mpaka viyeyuke. Mwisho onja: yakizidi machozi kwa chumvi, mwaga uanze upya."

Ondoa mistari yote, hakuna kilichoharibika. Yasome redioni, au mwachie mtu asiyeona asomewe na simu yake. Mpangilio umo ndani ya sentensi. Vipimo vimeandikwa kwa maneno, kwa hiyo hakuna tarakimu ya kugongana na nyingine. Ninachokipenda zaidi ni lile "mwisho". Ujumbe ukikatika njiani, msomaji anajua umekatika, kwa sababu hajaufikia mwisho. Orodha ya namba ikiishia kwenye 3, nani atakuambia kwamba 4 ilikuwepo?

Hata mtandao wa simu unaufaidi mtindo huu. Ujumbe mfupi wa kawaida hubeba herufi 160, na ukiwa mrefu hukatwa vipande vya herufi 153. Maelekezo yale yana herufi 250 hivi, basi yanaingia kwenye vipande viwili. Lakini weka kile kidoti cheusi cha orodha, au alama ya ½, ambazo hazimo katika herufi za msingi za ujumbe mfupi, na ujumbe wote unahamia kwenye usimbaji mwingine ambamo kipande kimoja hubeba herufi 67 tu. Viwili vinakuwa vinne, na kila kimoja kina nafasi yake ya kuchelewa. (Ritifaa iliyopinda, ile ambayo programu za kompyuta hupenda kuiweka katikati ya ng'ombe, huleta balaa hilohilo. Tumia iliyonyooka.)

Kuna mahali mtindo huu unachoka. Hatua zikivuka sita hivi, "kisha" na "halafu" zinafanana, na msomaji anapotea kati yake. Hapo fundi huandika "hatua ya nne" kwa maneno, au huifunga hatua mpya kwenye iliyotangulia: ukishakoroga, onja. Sentensi ya namna hiyo hata ikifika peke yake inasema inatoka wapi. Vilevile "rudia hatua ya tatu" haifai pasipo na namba; itaje kazi yenyewe. Kwa mtoto aliyetapika, kwa mfano: subiri dakika kumi, kisha endelea kumpa kijiko kimoja kimoja, polepole kuliko mwanzo. Na maji yaliyobaki baada ya saa ishirini na nne, mwaga, utengeneze mengine.