Nafasi Kumi na Mbili za Katikati ya Wiki

Matangazo ya ofa za saluni tumeyazoea hata hatuyasomi tena. Yanaanza na “OFA OFA OFA”, yanafuata maua na mioyo ya rangi zote, kisha picha ya mrembo ambaye hajawahi kukanyaga saluni hiyo, na chini kabisa: “Kwa bei njoo inboksi.” Ofa gani hiyo ambayo bei yake ni siri?

Ndiyo maana tangazo la dada mmoja mwenye saluni Sinza, hapa Dar es Salaam, nililisoma mara mbili, kisha nikaenda kumuuliza alivyoliandika. Lilikaa kwenye status yake ya WhatsApp, maandishi meupe juu ya rangi moja, bila ua hata moja. Lilisema hivi:

“Rasta za saizi ya kati, hadi mgongoni: 30,000 badala ya 40,000. Paketi za rasta unakuja nazo.

Ni Jumanne tarehe 10, Jumatano 11 na Alhamisi 12 tu. Saa 2 asubuhi au saa 8 mchana. Nafasi zote ni 12.

Kuweka nafasi: nitumie WhatsApp jina lako, siku, saa, na picha ya nywele zako zilivyo leo. Nikikujibu IPO, lipa kianzio 10,000 kwa lipa namba. Litatokea jina la saluni. Bila kianzio nafasi haijawa yako.

Njoo umefumua, umeosha na umekausha.

Mwisho wa kuweka nafasi ni Jumatatu tarehe 9, saa 1 usiku.”

Basi. Lakini kila mstari hapo una kazi yake, na kazi kubwa kuliko zote imefanywa na ile namba 12.

Kwa kawaida namba ya nafasi kwenye matangazo ni ya kutia watu presha. “Zimebaki tano tu!” Kesho yake bado tano. Yeye 12 yake aliipata kwenye viti. Ana wasusi wawili wa rasta. Rasta za saizi ya kati hadi mgongoni, msusi mmoja akisuka peke yake, humchukua saa tano hivi, akiwa na mkono mzuri. Saluni inafunguliwa saa 2 asubuhi. Kichwa cha kwanza kinamalizika saa 7 mchana, msusi anakula, anapumzisha vidole, saa 8 anapokea cha pili na kukimaliza saa 1 usiku. Vichwa viwili kwa siku kwa kila msusi, wasusi wawili, siku tatu. Asingeweza kuandika 15 hata kama angetaka, kwa sababu wa 13 angekaa kwenye benchi akiangalia tamthilia hadi giza liingie.

Na kwa nini siku hizo tatu? Saluni inaishi kwa Ijumaa na Jumamosi. Kuna harusi, kuna send-off, kuna kitchen party, kuna kanisa kesho yake. Siku hizo hata ukiongeza bei watu watapanga foleni. Jumatatu yeye hufunga ili watu wake wapumzike. Zinazobaki katikati ya wiki ni zile siku ambazo feni linazunguka, redio inaongea, na wasusi wanasukana wenyewe kwa wenyewe. Kodi ya fremu inahesabika hata siku hizo. Kiti kilichokaa tupu Jumanne hakiwekwi stoo kikauzwe Jumamosi. Saa zake zimekwenda.

Hesabu ya bei ndiyo iliyonifurahisha zaidi, kwa kuwa ndipo ofa nyingi zinapoanguka bila mwenyewe kujua. Kichwa cha 40,000, msusi wake anachukua asilimia 40, yaani 16,000, na saluni inabaki na 24,000. Ukishusha hadi 30,000 na kuacha asilimia ileile, msusi anapata 12,000. Kazi ni ileile, saa ni zilezile, vidole ni vilevile, na mfuko umepungua 4,000 kwa uamuzi ambao hakuulizwa. Hapo ndipo mteja wa ofa anaposukwa na mtu aliyenuna: mistari mipana, rasta nene kuliko za kwenye picha ili kazi iishe haraka, na kule nyuma ya shingo, ambako mteja hajioni, mambo yamelegea. Wiki mbili nywele zimeanza kuchomoka. Mteja hatalaumu ofa, atalaumu saluni.

Dada huyu alikaa na wasusi wake kabla hajaandika neno. Punguzo lote la 10,000 alilibeba yeye. Msusi anabaki na 16,000 yake, saluni inapata 14,000.

Sasa je, kuna faida? Katika siku tatu kama hizo, bila ofa, alikuwa akipata vichwa vinne hivi vya rasta kwa bei kamili, yaani 96,000 za saluni. Wateja hao wanne wakiiona ofa nao wataidaka, hakuna mjinga. Kwa hiyo ofa ikileta watu watano tu, saluni inapata 70,000 na amejipiga mwenyewe. Wakija saba, inapata 98,000, na hapo ndipo anaipita ile hali ya kawaida kwa nauli ya bodaboda. Wakijaa 12, ni 168,000. Aliyaandika haya nyuma ya daftari la madeni, akazungushia saba duara. Chini ya saba, aliniambia, ofa hiyo hairudii mwezi huo wala ujao.

Angalia pia kwamba hakuandika “punguzo asilimia 25”. Mteja hatembei na asilimia kwenye pochi. Na ile 40,000 anayoilinganisha nayo ndiyo bei anayotoza Jumamosi kweli. Wapo wanaoandika 60,000 ya kubuni, wakaikata kwa mstari mwekundu, ili 40,000 ionekane zawadi. Kumpotosha mteja kwa namna hiyo ni jambo ambalo Sheria ya Ushindani ya 2003 inalikataza, ingawa mteja wa Sinza hahitaji sheria kuligundua. Alisukwa hapohapo mwezi uliopita, anajua alilipa ngapi.

Muda wa mwisho una ujanja wake. Ofa ya aina hii ina mipaka miwili, na waandishi wengi huichanganya. Ukiandika “Ofa inaisha Alhamisi”, nusu ya watu wataelewa kwamba wanaweza kupiga simu Alhamisi, nusu nyingine kwamba lazima wawe wameshasukwa. Yeye ameitenganisha: siku za kusukwa ziko juu, pamoja na bei; siku ya kufunga milango iko peke yake mwishoni. Tarehe zimeandikwa, kwa sababu “kesho” ya status inayosomwa saa 5 usiku na ile ya status inayosomwa asubuhi si kesho moja. Na saa imeandikwa kwa Kiswahili, pamoja na “usiku” wake. Simu inaonyesha 7:00, mtu anaharakisha anaandika “mpaka saa 7 usiku”, halafu anashangaa kupokea meseji za wateja akiwa amelala.

Aliiweka status hiyo Jumapili saa 1 usiku. Status ya WhatsApp inafutika yenyewe baada ya saa 24. Kwa hiyo Jumatatu saa 1 usiku tangazo na ofa vilikuwa vinaondoka kwa pamoja, bila yeye kugusa simu, na hakukuwa na mtu ambaye angelikuta Jumatano na kuanza kubishana. Saa nzima hivi kabla ya kuiweka, alikuwa ameshawatumia ujumbe uleule wateja wake wa siku zote, mmoja mmoja. Aliyelipa 40,000 Jumamosi iliyopita akiikuta ofa kwa jirani anajiona kafanywa fala. Akiipata yeye kwanza, anampigia mdogo wake.

Yale maelekezo ya kuweka nafasi yanaonekana kama urasimu hadi ukae naye akijibu meseji. Picha ya nywele zilivyo leo inamwambia mambo ambayo mteja hawezi kuyaeleza: zimekatika ukingoni au la, ni fupi kiasi gani, bado zina rasta za zamani au la. Mmoja alituma picha ya kipilipili kifupi mno, ambacho rasta za saizi ile zingekivuta hadi kiuma. Alimjibu kwa sauti, taratibu: “Mdogo wangu, subiri mwezi mmoja, nikusuke twende kilioni kwanza.” Alipoteza 14,000 pale pale, na sikumwona akisikitika.

Kianzio kina mantiki yake. Elfu kumi ni theluthi ya bei; inauma kidogo ukiiacha, lakini haikufilisi. Na ile “litatokea jina la saluni” ni ya mtu anayejua anaishi nchi gani. Sote tumewahi kupokea meseji ya “ile hela tuma kwenye namba hii”. Mteja mpya anayeombwa pesa na mtu asiyemjua anasita, na ana haki ya kusita. Akiona jina la saluni kwenye skrini kabla ya kukubali malipo, anamalizia.

Lakini mstari ninaoupenda kuliko yote ni ule mfupi: njoo umefumua, umeosha na umekausha. Ratiba yote ya saa tano imesimama juu yake. Kufumua rasta za miezi miwili si kazi ya dakika kumi, kisha nywele zioshwe, zikae chini ya draya, zichanwe. Mteja wa saa 2 akija na rasta za zamani kichwani, msusi anaanza kusuka saa 4, wa saa 8 anawekwa saa 10, na saa 3 usiku bado watu wako kitini huku nje daladala zikipungua. Mstari wa maneno matano unalinda vichwa viwili. Na kwa wasioweza kufumua wenyewe alikuwa na jibu tayari: njoo Jumatatu jioni, nafungua mlango kwa ajili hiyo tu, 5,000.

Nafasi 11 zilijaa kufikia Jumatatu mchana. Ya 12, Alhamisi saa 8, ilichukuliwa na binti wa chuo aliyejibiwa IPO saa 12 jioni, akasema anatafuta salio. Kianzio chake kiliingia saa 1 na dakika chache, status ikiwa imeshafutika. Nilimuuliza dada huyu atafanyaje. Alimwandikia binti: “Imeingia, karibu Alhamisi. Ukichelewa dakika 20 siku hiyo, hapo ndipo tutakosana.” Kisha akageuza simu na kumwita mmoja wa wasusi aende kununua mishumaa ya kuchomea ncha, maana iliyobaki isingetosha vichwa 12.