Zuhura ya Utotoni, Zuhura ya Uzeeni

Ptolemi wa Aleksandria, katika karne ya 2, aliugawa umri wa binadamu kwa sayari saba, na mgawanyo wake haumshangazi mtu. Mwezi unashika miaka 4 ya kunyonya. Utaridi inafuata na miaka 10 ya kujifunza kusema na kufikiri. Zuhura inaleta mapenzi kwa miaka 8, na mwisho kabisa, baada ya Jua, Mirihi na Mshtarii, Zohali inakabidhiwa uzee. Wote tunapita njia ile ile kwa umri ule ule.

Wanajimu wa India walitunga umbo jingine. Dasha inayotumika zaidi, Vimshotari, iliyoelezwa katika kitabu cha Brihat Parashara Hora Shastra, inazipa sayari tabia zinazofanana sana na zile za Ptolemi, lakini inakata kamba iliyozifunga na umri. Hapo ndipo utamu wake ulipo, na udhaifu wake pia.

Watawala ni tisa na zamu zao hazibadiliki: Ketu miaka 7, Zuhura 20, Jua 6, Mwezi 10, Mirihi 7, Rahu 18, Mshtarii 16, Zohali 19, Utaridi 17. Jumla ni 120, kisha mzunguko unaanza upya. Rahu na Ketu si sayari za kuonekana kwa macho. Ni sehemu mbili ambapo njia ya Mwezi hukatana na njia ya Jua. Anayeamua mtoto aanzie wapi ni Mwezi. Anga limegawanywa katika nakshatra 27, ndugu wa zile manazili 28 wanazozijua wenyeji wa falaki katika pwani yetu, na kila nakshatra ina mtawala wake. Aliyezaliwa Mwezi ukiwa Pushya anaanza na Zohali. Ukiwa Ashlesha, anaanza na Utaridi.

Lakini haanzi mwanzoni mwa zamu. Mwezi ukiwa umeshavuka nusu ya Pushya, nusu ya miaka ya Zohali inahesabiwa kuwa imekwisha kabla mtoto hajalia kilio cha kwanza, na anabakiwa na miaka 9 na nusu tu. Kwa hiyo maisha katika umbo hili ni kipande kilichokatwa kutoka hadithi ndefu zaidi: unaingia sura ikiwa katikati, na kwa kawaida unatoka kabla watawala wote hawajapata zamu. Sijui umbo jingine la unajimu lenye ujasiri huu wa kukataa kumpa mtu mwanzo wake mwenyewe.

Tuwachukue watoto wawili waliopishana siku moja, kwa sababu Mwezi huvuka nakshatra moja kwa takriban siku moja. Wa kwanza kazaliwa katikati ya Pushya. Zohali inamtoka akiwa na miaka 9 na nusu, Utaridi inamfikisha 26 na nusu, Ketu 33 na nusu, ndipo Zuhura inaingia na kukaa hadi atimize 53 na nusu. Wa pili kazaliwa katikati ya Ashlesha. Utaridi inamwacha na miaka 8 na nusu, Ketu na 15 na nusu, kisha Zuhura inamshika tangu ubalehe mpaka 35 na nusu. Zuhura ni ile ile, ya ndoa, mapambo na starehe. Mmoja ameipata kwa wakati ambao hata Ptolemi angeukubali. Mwenzake amepitisha ujana wote chini ya Utaridi ya masomo na biashara na Ketu ya kujitenga, kisha anafunguliwa mlango mvi zikianza kuota.

Msomaji mzembe atatafsiri neno kwa neno: Zuhura ni ndoa, basi ndoa. Msomaji mzuri anaanza na kanuni ambayo wanajimu wenyewe huitaja kwa maneno matatu, desh, kal, patra, yaani mahali, wakati na mtu. Zuhura ya mtoto wa miaka mitano ni mama mwenye mkono laini, nguo na nyimbo. Ya mtu wa miaka sabini huenda ikawa nyumba nzuri, au ugonjwa wa sukari. Kisha anaangalia sayari hiyo inamiliki nyumba zipi katika kundali. Kwa aliyezaliwa buruji ya Ng'ombe ikichomoza mashariki, Zohali inamiliki nyumba ya 9 na ya 10, za bahati na za kazi, na miaka yake 19 inayoogopwa mitaani inatarajiwa kumpandisha cheo. Kwa aliyezaliwa Kaa akichomoza, Zohali hiyo hiyo inashika nyumba ya 7 na ya 8, za ndoa na za mauti. Jina la mtawala, basi, halijasema kitu mpaka ujue amekalia kiti gani.

Mpaka hapa umbo linabana vizuri. Linapolegea ni ndani yake. Kila kipindi kikubwa kinagawanywa tena kwa watawala wote tisa, kwa uwiano ule ule, kikianza na mwenye zamu. Chukua mtoto aliyezaliwa katikati ya nakshatra ya Zuhura: Zuhura inamtoka akiwa na miaka 10, na haitarudi kama mtawala mkuu mpaka afikishe 110. Je, haoi? Baada ya Jua, Mwezi unamshika kuanzia miaka 16 hadi 26. Ndani ya Mwezi, miezi inalingana na miaka ya kila mtawala: Mwezi wenyewe miezi 10, Mirihi 7, Rahu 18, na kuendelea. Zamu ya Zuhura inaangukia mwezi wa 94 hadi wa 114, yaani tangu umri wa miaka 23 na miezi 10 hadi 25 na nusu. Harusi imepatikana, tena kwa umri wa kupendeza.

Imepatikana kirahisi mno. Kwa kuwa kila kipindi kimebeba watawala wote tisa, na hivyo vidogo navyo hugawanywa tena, hakuna tukio litakalokosa sayari ya kulibeba. Ukali wa ile miaka 120, uliotuvutia mwanzoni, unayeyuka kadiri unavyosogea karibu.

Zaidi ya hapo, mipaka yenyewe inacheza. Saa ya wodini ikikosea dakika 20, mwisho wa Zohali ya yule mtoto wa Pushya unahama kwa miezi mitatu na zaidi. Wako wanaohesabu mwaka wa siku 360 badala ya 365 na robo, na tofauti hiyo inafikia miezi kumi mtu anapotimiza miaka 60.

Kundali ya India huru, ya usiku wa manane tarehe 15 Agosti 1947 mjini Delhi, inaonyesha hatari hiyo waziwazi. Mwezi ulikuwa ndio kwanza umeingia Pushya. Kwa kipimo cha Lahiri, ambacho ndicho chenye wafuasi wengi India, Zohali inaisha Septemba 1965, katikati ya vita na Pakistani, na wengi huuonyesha mpaka huo kama ushahidi. Lakini B. V. Raman, mnajimu mashuhuri wa Bangalore, alitumia kipimo kinachousogeza Mwezi mbele kwa karibu digrii moja na nusu. Kwa hesabu yake Zohali inaondoka takriban miaka miwili mapema, mwaka 1963, na vita vinaangukia ndani kabisa ya Utaridi. Wasomaji wa shule zote mbili wana maelezo ya kutosha kuhusu kwa nini 1965 ilikuwa lazima iwe vile ilivyokuwa.