Kitabu Kilichoshonwa Upya

Mume wangu mdogo,

Ninakutumia Toronto kitabu nilichokipenda nikiwa na umri kama wako, Adili na Nduguze cha Shaaban Robert, mtu wa kwetu Tanga. Kilichapishwa mara ya kwanza mwaka 1952. Ni chembamba, unakimaliza kwa siku moja, lakini wale manyani wawili wanaochapwa kila usiku na mtu anayewahurumia hawatakutoka kichwani. Kwa nini anawachapa? Soma mwenyewe.

Nakala yangu ilikuwa imebanwa kwa pini mbili za chuma. Hewa yetu ya bahari haina huruma na chuma: pini zilishika kutu, kutu ikala karatasi, na kurasa za katikati zikaanza kuchomoka. Niling'oa pini taratibu kwa ncha ya kisu butu, maana ukivuta kwa nguvu unaondoka na kipande cha ukurasa.

Mikunjo iliyoliwa niliiziba kwa karatasi ya shashi. Shashi huchanwa kwa mkono, haikatwi kwa mkasi, ili nyuzi za ukingoni zijilaze juu ya karatasi kuukuu zisiache mstari mgumu utakaopasuka baadaye. Gundi ni unga wa ngano uliopikwa kwa maji mpaka ukawa uji mzito unaong'aa. Ikiwa majimaji, karatasi hukunjamana. Selotepu sikuigusa. Huwa njano, gundi yake hupenya kwenye maandishi, na ukija kuibandua inaondoka na herufi. Gundi ya unga hulainika kwa maji, kwa hiyo atakayekuja kukitengeneza baada yangu anaweza kuitoa. (Mende nao wanaipenda, basi usikiweke jikoni.)

Kisha nikashona. Nilitoboa matundu matatu kwenye mkunjo, nikapaka uzi wa pamba nta ya mshumaa. Sindano iliingia tundu la kati kutoka ndani, ikarudi ndani kwa tundu la juu, ikavuka moja kwa moja hadi la chini, ikatoka nje, ikarudi ndani kwa la kati. Ncha mbili za uzi zikakutana huko, moja kila upande wa ule uzi mrefu, nikazifunga juu yake. Vuta uzi sambamba na mkunjo. Ukiuvuta kuelekea kwako unachana karatasi. Mshono ukiwa sawa, kitabu hufunguka chenyewe bila kushikiliwa, na kurasa hazichezi.

Madoa ya chai nimeyaacha. Mama yako ndiye aliyeyamwaga, muulize.

Huko nasikia nyumba hupashwa joto majira ya baridi na hewa hukauka sana, kwa hiyo usikiweke karibu na kipasha joto. Fundo likilegea, usinirudishie. Uzi wenye nta na sindano nimevitia kwenye bahasha hiyohiyo.

Bibi yako