Nguzo za Isevya zisimame, mabati yasipinde

Klipu ninayoichambua ilichukuliwa kwa simu ya mkononi, mpigaji akitembea katika mtaa wa Isevya, Tabora. Ndani yake kuna nguzo za umeme, kingo ndefu za mabati, na bodaboda inayokatiza mbele. Kila mguu unapotua, nguzo hucheza kama jeli. Kazi ilikuwa kuzituliza bila kuyapinda mabati, na programu nyingi za kutuliza video hutengeneza la kwanza kwa kuharibu la pili.

Sensa ya simu haisomi fremu yote kwa wakati mmoja. Huanza na safu ya juu ya pikseli, ikashuka safu baada ya safu mpaka chini, na katika simu hii safari hiyo ilichukua milisekunde 20. Tuseme simu ilikuwa ikigeuka kulia kwa nyuzi 30 kwa sekunde. Katika milisekunde 10 za kwanza imeshageuka nyuzi 0.3, na kwa fremu yenye upana wa pikseli 1920 inayoona takriban nyuzi 68, hizo ni kama pikseli 8. Kiganja kikirudi kushoto kwa kasi ileile katika milisekunde 10 zilizobaki, kichwa cha nguzo na kitako chake vinabaki sambamba, lakini kiuno kimesogea pikseli 8. Nguzo imekuwa upinde ndani ya fremu moja.

Kwa hiyo kuisogeza au kuizungusha fremu nzima hakusaidii, maana upinde husogea nayo. Programu nyingine huigawa fremu vipande vipande kama wavu, zikanyoosha kila kipande kwa kufuata alama zinazoonekana ndani yake. Hapo ndipo bodaboda inapoleta balaa: alama zake zina mwendo wake, wavu unazifuata, na ukingo wa bati ulio nyuma yake unapinda ingawa kwenye klipu ya asili ulikuwa mnyoofu.

Njia niliyoichagua haiulizi picha ilisogeaje. Inauliza simu ilielekea wapi kila safu iliposomwa. Jibu linatoka kwenye jairoskopu ya simu. Alex Karpenko na wenzake wa Stanford walionyesha njia hiyo mwaka 2011, na leo programu ya bure ya Gyroflow inaifanya. Kila safu hupewa mzunguko wake na kurudishwa mahali pake. Kwa kuwa mwendo unaotumika ni wa kamera yenyewe, bodaboda haina sauti tena. Masharti ni mawili: klipu irekodiwe kwa programu inayohifadhi data za jairoskopu, na utulizaji wa ndani wa simu uzimwe, maana lenzi au picha ikishasogezwa huko ndani, data hazilingani nayo tena.

Kinachoamua matokeo ni namba ya `Frame readout time`, na unaweza kuipima nyumbani. Umeme wetu ni wa hezi 50, hivyo balbu rahisi ya LED huwaka na kufifia mara 100 kwa sekunde, yaani kila milisekunde 10. Irekodi ikiangaza ukuta mweupe, shata ikiwa 1/1000, kisha hesabu michirizi ya mwanga kutoka juu hadi chini ya fremu. Michirizi 2 ni milisekunde 20. Balbu isiyotoa michirizi haifai; tafuta nyingine. Pima upya ukibadili ubora wa video, kwa sababu muda wa kusoma hubadilika. Kumbuka pia kwamba simu ikishikwa wima, safu husomwa kutoka upande mmoja kwenda mwingine, na kinacholala ni ukingo wa paa badala ya nguzo.

Ili kukagua, simamisha video na uweke rula juu ya kioo kando ya nguzo. Nguzo ikiendelea kulala vilevile kama kwenye klipu ya asili, ila kidogo, namba ni ndogo. Ikilalia upande wa pili, umezidisha. Ikipinda kabla au baada ya hatua kutua, data na picha hazijaoanishwa vizuri. Na ikiwa mabati yamepinda wakati wote, hata simu ikitulia, shida ni wasifu wa lenzi, hasa lenzi pana. Kwa jaribio gumu zaidi ningekwenda Kwihara, kwenye tembe walilokaa Livingstone na Stanley mwaka 1872. Ukuta wake mrefu hausamehe.

Jairoskopu hupima kugeuka tu, si kusogea. Nguzo iliyo hatua moja kutoka kwa mpigaji bado ilicheza kidogo, wakati zile za mbali zilinyooka kabisa. Na klipu ya pili, iliyochukuliwa juu ya bodaboda inayotembea, haikutengenezeka: jairoskopu iliyopima mara 200 kwa sekunde inatoa vipimo 4 tu ndani ya milisekunde 20, na mtetemo wa injini hupanda na kushuka katikati ya vipimo hivyo bila kuonekana. Klipu hiyo inabidi irudiwe, pikipiki ikiwa imezimwa.