Namba sita haziombi sanduku nzima ya mesaji

Wandugu, juma iliyopita mudogo wangu wa kike alinitumia picha ya ekra ya telefone yake. Ametoka tu kumaliza lisanse, amepata kazi ya kwanza hapa Goma, na mushahara wake utapitia kwenye aplikasio moja ya feza ambayo sitataja jina. Alikuwa anafungua konti. Mesaji yenye kode ya namba sita ilifika vizuri, lakini visanduku sita vya kwenye aplikasio vilibaki tupu. Chini yake iliandikwa: ruhusu tusome mesaji zako ili kode iingie yenyewe.

Akapigia wahudumu wao. Bwana mumoja akamujibu: «Dada, fungua tu ile ruhusa. Bila ile, kode haiwezi ingia.» Akaniuliza: «Yaya, nifungue?» Nikamwambia: «Ngoja kwanza.» Mimi natengeneza aplikasio, njo kazi yangu, na ile jibu ilinichoma roho kwa sababu si kweli.

Tuanzie hapa: kwenye telefone ya Android kuna njia ya kujaza kode yenyewe bila kuomba ruhusa hata moja. Inaitwa SMS Retriever. Aplikasio inaambia Google Play Services: «Nangoja mesaji yangu.» Mesaji ikifika, Google Play Services inaangalia kama ndani yake mna alama 11 zinazotambulisha ile aplikasio. Zikiwa sawa, inaipatia ile mesaji moja tu. Zingine zote aplikasio haizioni. Kwa hiyo mesaji inapaswa kuwa fupi, isipite bayiti 140, na ionekane hivi:

```
Kode yako ni 482913

FA+9qCX9VSu
```

Ile mustari wa mwisho watu wengi wanadhani ni takataka ya rezo. Hapana, njo anwani ya aplikasio. Inahesabiwa kutokana na jina la ndani la aplikasio pamoja na sahihi ya yule aliyeitengeneza.

Nikamuomba mudogo anitumie ile mesaji aliyopata, kisha kuficha namba za kode. Ilikuwa na salamu, jina la kampuni, kode, na maneno «usimupatie mutu». Alama 11 hazikuwemo. Basi kosa likajulikana: haliko mu telefone yake, haliko mu rezo, wala haliko mu ruhusa aliyokatala. Liko kwa wale walioandika mesaji. Walikosa kuongeza mustari mumoja, sasa wanaomba muteja alipe ile deni kwa kufungua sanduku yake nzima.

Inawezekana pia alama 11 ziwepo na kode isiingie. Hapo mara nyingi hesabu ilifanywa na sahihi isiyo yake: mutengenezaji alijaribu aplikasio kwake na sahihi ya majaribio, kisha Google Play ikaiweka sokoni na sahihi ingine. Kwake inaenda, kwa wateja inakatala. Ni vile vile ukichukua kwa rafiki aplikasio ambayo mutu aliibadilisha njiani na kuitia sahihi yake mwenyewe. Tena SMS Retriever inangoja dakika tano tu, na sisi tunajua rezo zetu: kuna siku mesaji inafika kisha nusu saa. Na telefone isiyo na Google Play Services haiwezi kutumia hii njia. Katika hali hizi zote, kufungua ruhusa hakutengenezi kosa lenyewe. Kunalifunika tu.

Kama kampuni haiwezi kugusa maandishi ya mesaji, iko njia ya pili, SMS User Consent. Hapo kadirisha kadogo kanatokea chini ya ekra, kanaonyesha ile mesaji moja na kuuliza kama unakubali aplikasio iisome. Unafinya mara moja, basi. Ila ujue: kama ulihifadhi ile nimero inayotuma mu repertware yako, kadirisha hakatokei. Na iPhone je? Kule aplikasio ya kawaida hairuhusiwi kusoma mesaji zako hata ukitaka. Tangu iOS 12, mwaka 2018, klaviye yenyewe inapendekeza kode na wewe unaifinya. Kama ile ruhusa ilikuwa ya lazima kweli, wenye iPhone wangefungua konti namna gani?

Sasa juu ya nini nagombana hivi kwa kitu kidogo? Fungueni mesaji zenu muangalie. Mulemo kila feza uliyopokea kwa M-Pesa, Airtel Money ao Orange Money, jina la aliyekutumia, na salio iliyobaki. Mulemo mesaji za mama na za mupenzi. Na mulemo kode za aplikasio zingine: ya WhatsApp, ya benki, ya barua pepe. Aplikasio yenye ruhusa READ_SMS inaweza kuzisoma zote, za leo na za zamani, si ile moja ya namba sita. Mukopeshaji akizipata, anajua mushahara wako kabla hujamwambia, na anajua nani anakutumia feza ukikosa.

Kuna jambo lingine ambalo ekra haisemi. Android inaweka ruhusa za mesaji mu kikundi kimoja. Aplikasio inaweza kuanza na RECEIVE_SMS, ya kupokea mesaji mpya tu. Ukishakubali, toleo linalofuata likiomba READ_SMS, Android inaweza kuipatia bila kukuuliza tena, kwa sababu kikundi ni kile kile. Wewe ulisema ndiyo kwa mulango moja, kumbe nyumba nzima imefunguka.

Google yenyewe iliona hatari hii. Mwezi wa 10, 2018 ilitangaza kwamba Google Play itabana ruhusa za mesaji, na tangu 2019 aplikasio inayotaka tu kuhakikisha nimero inaelekezwa kwenye zile njia mbili nilizoeleza. Lakini ile kanuni inalinda soko yao tu. Aplikasio unayotumiwa kwa linki ao kwa Bluetooth haipiti pale.

Najua wenzangu wa kazi watanijibu: «Muteja anataka urahisi, na kuhesabu alama 11 kunachosha.» Nimezihesabu mara nyingi. Ni kazi ya siku moja, na majaribio ndani. Kuandika namba sita kwa kidole nako ni sekonde chache. Kati ya uchovu wa siku moja wa mutengenezaji na siri za wateja wote, sioni mizani inalingana.

Mudogo alifanya hivi: alikatala ruhusa, akaomba kode mpya, akafinya kisanduku cha kwanza, akaandika namba kwa mukono. Ikapita. Yule bwana wa simu alikosea mara mbili.

Kama wewe ulishafungua, ingia mu Paramètres, kisha Applications, chagua ile aplikasio, Autorisations, SMS, ufinye Ne pas autoriser. Kumbuka tu: hiyo inafunga mulango kuanzia leo, hairudishi kile ambacho tayari kilisomwa. Na kama aplikasio inakatala kabisa kuandikiwa kode kwa mukono, kabla ya kuiachia mushahara wako, waandikie uwaulize swali moja: alama 11 ziko wapi?